Warm, Cool na Gamma: Maana Yake Kwenye Menyu ya Runinga, na Jinsi ya Kuvipanga

Neno Warm katika menyu ya picha limezua ubishi mwingi miongoni mwa watu wanaonunua runinga mpya. Wapo wanaoamini kwamba linahusu joto la kifaa chenyewe, na kwamba kulichagua kutafanya kioo kichakae upesi. Wapo wanaodhani kwamba ni mpangilio wa kupumzisha macho usiku tu. Walio wengi zaidi hulijaribu kwa nusu dakika, wakaona picha imegeuka ya manjano, wakarudi Cool au Standard na kutolifikiria tena. Karibu na neno hilo, ndani zaidi ya menyu, limo neno jingine, Gamma, ambalo watu huliacha kama walivyolikuta au hulitumia kuongeza mwanga pale picha inapokuwa na giza. Mipangilio hii miwili ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa kama uso wa mtu kwenye skrini utafanana na uso wa mtu. Haihitaji fundi wala kifaa cha kununua ili ipangwe kwa usahihi wa kuridhisha, ilimradi mtu ajue kila mmoja unagusa nini.

Tuanze na halijoto ya rangi. Kwa maneno machache, ni namba inayoeleza weupe wa skrini ni weupe wa namna gani, kwa kuwa vyanzo vyote vya mwanga tunavyoviita vyeupe havitoi weupe ule ule. Mwanga wa mshumaa umeelekea kwenye rangi ya chungwa, wa taa ya zamani yenye waya ni wa manjano, wa jua la adhuhuri unakaribia kutokuwa na rangi, na ule unaotoka kwenye anga ya buluu upande wenye kivuli ni wa kibuluu. Wanafizikia huupima mwelekeo huo kwa kuulinganisha na mwanga wa kitu kinachopashwa moto. Chuma kikianza kuiva huwa chekundu, kikizidi kupata moto huelekea manjano na kisha weupe, na kitu chenye moto mkubwa zaidi ya hapo, kama zilivyo baadhi ya nyota, hung'aa kwa weupe wa kibuluu. Kipimo ni Kelvini. Mshumaa huwa karibu na 1,900, taa ya waya karibu na 2,700, na anga ya buluu inaweza kupita 10,000.

Hapa ndipo mkanganyiko wa kwanza unapozaliwa. Kwa lugha ya namba, rangi ya buluu ndiyo yenye halijoto kubwa na nyekundu ndiyo yenye halijoto ndogo, ilhali kwa hisia za kila siku tunauita mwanga mwekundu wa joto na wa buluu wa baridi. Watengenezaji wa runinga wengi hufuata hisia, hivyo Warm maana yake ni namba ndogo ya Kelvini na Cool ni namba kubwa. Wachache hufuata namba, na menyu zao huandika High, Medium na Low. Katika runinga hizo Low ndiyo yenye rangi ya joto. Kwa vyovyote vile, hakuna kinachopata moto. Kinachobadilika ni uwiano wa nyekundu, kijani na buluu vinavyochanganywa ili kupata weupe.

Sasa, weupe sahihi ni upi? Kwa picha za televisheni na filamu za nyumbani, jibu lilikwisha kukubaliwa zamani, na halitegemei ladha ya mtu. Weupe unaotumika huitwa D65, unaolingana na takriban Kelvini 6,500, na ndio uliowekwa katika kanuni ya televisheni ya ubora wa juu iitwayo Rec. 709, iliyotolewa mwaka 1990 chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano. Mtu anayesahihisha rangi za filamu au tamthilia hukaa mbele ya kioo kilichopangwa kwa weupe huo, na kila uamuzi anaoufanya juu ya rangi ya ngozi, ya mchanga au ya jioni, anaufanya akiwa anauona kupitia weupe huo. Runinga ya nyumbani ikiwa na weupe tofauti, picha nzima huhama, kwa sababu kila rangi kwenye skrini hutokana na mchanganyiko ule ule wa nyekundu, kijani na buluu.

Kwa nini basi runinga hutoka kiwandani zikiwa na weupe wa kibuluu, ambao mara nyingi hupita Kelvini 9,000? Jibu linajulikana na kila aliyewahi kufua shati jeupe la shule. Shati likianza kuwa na umanjano, hutiwa bluu ya kufulia katika maji ya mwisho, nalo hutoka likionekana jeupe kuliko lilivyokuwa, ingawa hakuna weupe wowote ulioongezwa. Rangi kidogo ya buluu imeufunika umanjano, na jicho limehesabu hiyo kuwa ni usafi. Runinga hufanyiwa jambo hilo hilo. Dukani, chini ya taa kali, runinga yenye buluu ya ziada huonekana nyeupe na yenye mwanga kuliko jirani yake iliyopangwa kwa usahihi, na mnunuzi hunyoosha kidole kuelekea ile ya kibuluu. Iko pia sababu ya kiufundi. Taa za nyuma za runinga nyingi za LED kwa asili hutoa mwanga wa buluu, ambao sehemu yake hugeuzwa kuwa rangi nyingine kwa kemikali maalumu. Kuacha buluu ipite kwa wingi huruhusu skrini itoe mwanga wake wote, ilhali kuufikisha weupe kwenye 6,500 hulazimu kuipunguza. Ndiyo maana Warm hupunguza mwanga wa skrini kidogo, na hiyo si dalili ya hitilafu.

Madhara yake yanaonekana vizuri zaidi mahali pamoja kuliko pote: kwenye taarifa ya habari. Mwangalie msomaji wa habari mwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, aliyevaa koti jeusi na shati jeupe. Picha ikiwa kwenye Cool, shati lake lina kivuli cha buluu kwenye mikunjo ya kola, na hilo wengi hawalitambui. Lakini tazama shavu na paji la uso pale taa za studio zinapogonga. Ngozi yenye rangi ya kahawia huwa na wekundu na umanjano ndani yake, na mng'ao wake hubeba uvuguvugu huo. Buluu ikizidi, mng'ao unageuka kijivu, na uso unakuwa kana kwamba haujapakwa mafuta, wenye majivumajivu. Watu wengi husema kwamba kamera za stesheni fulani ni mbovu kwa sababu hiyo, kumbe picha iliyotoka studio ilikuwa sawa. Rudisha runinga kwenye Warm, na kahawia hurudi bila kugusa kitufe cha rangi. Wanaojaribu kuutibu ujivu huo kwa kuongeza Color huishia kupata midomo myekundu kupita kiasi na majani ya kijani kinachowaka, huku mng'ao wa shavu ukibaki kijivu pale pale, kwa kuwa Color huongeza nguvu ya rangi zilizopo wala haigusi weupe.

Mahali pa kuipata mipangilio hii hutofautiana kwa jina. Kwenye Samsung huitwa Color Tone, ndani ya Expert Settings, nayo ina Cool, Standard, Warm1 na Warm2. Kwenye Sony huitwa Color temperature, na pamoja na Cool, Neutral na Warm kuna Expert 1 na Expert 2. Kwenye LG nyingi kuna mstari wa kuteleza unaoanzia upande wa Cool na kuishia Warm 50. Katika hizo zote, chaguo lililo karibu zaidi na 6,500 huwa ndilo la joto kuliko mengine, yaani Warm2, Expert 1, au Warm 50. Wengi hushangaa kusikia kwamba sahihi liko mwishoni kabisa badala ya katikati, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba katikati ndipo penye uadilifu. Menyu hizi hazikupangwa hivyo. Standard ya katikati nayo ni ya kibuluu, ila kidogo kuliko Cool.

Malalamiko yanayofuata ni yale yale kila mara: picha imekuwa ya manjano. Ukweli ni kwamba Warm haijaongeza manjano, imeondoa buluu iliyokuwa imezidi, na jicho lililozoea buluu hiyo huona upungufu wake kama umanjano. Ubongo wetu hurekebisha weupe wenyewe kila saa. Ndiyo maana karatasi inaonekana nyeupe chini ya jua na vilevile chini ya taa ya manjano, ingawa mwanga unaotoka juu yake ni tofauti sana. Marekebisho hayo huhitaji muda, na mtu anayebadilisha kati ya Cool na Warm kila baada ya sekunde chache hayapi nafasi. Badilisha jioni, uache kwa wiki nzima bila kurudi nyuma, kisha rudi Cool kwa dakika moja. Wakati huo utaiona buluu ambayo ulikuwa huioni, na mara nyingi mjadala ndani ya nyumba huishia hapo.

Asiyetaka kusubiri wiki anaweza kufanya ulinganisho wa papo hapo kwa kutumia taa. Balbu nyingi za LED zinazouzwa madukani kwetu zimeandikwa 6500K kwenye boksi au kwenye shingo yake, na huo ndio weupe tunaoutafuta, angalau kwa kukadiria. Washa balbu hiyo, simama kando ya runinga ukiwa na karatasi nyeupe inayopigwa na mwanga wake, kisha weka kwenye skrini picha yenye eneo kubwa jeupe, na punguza mwanga wa skrini hadi ukaribiane na wa karatasi. Kwenye Cool skrini itaonekana ya buluu waziwazi kando ya karatasi. Kwenye Warm2 zitakaribiana. Kwa kuwa balbu hutofautiana na maandishi yake, na karatasi za ofisi zenyewe hutiwa kemikali za kuzing'arisha, kipimo hiki kinafaa kuonyesha kosa kubwa tu, hakifai kusaka tofauti ndogo. Vilevile, chumba chenye balbu ya manjano ya 2,700 au 3,000 kitaifanya hata runinga sahihi ionekane ya kibuluu, kwa sababu jicho limeshajipanga kwa mwanga wa chumba. Hapo tatizo liko kwenye taa, na ukitaka kutazama filamu kwa makini ni afadhali kuibadilisha balbu iliyo karibu na runinga kuliko kuiharibu picha ili ifuate balbu.

Kuna tahadhari moja. Katika baadhi ya runinga, hasa za bei nafuu, chaguo la joto kuliko yote hupitiliza na kuifanya picha iwe na wekundu wa kweli. Namna ya kujua ni kutazama filamu ya zamani ya rangi nyeusi na nyeupe, ambayo haina rangi yoyote ya kukudanganya. Baada ya jicho kuzoea, kijivu chake kinapaswa kuonekana kijivu tupu. Kikibaki na upinki au uchungwa hata baada ya siku kadhaa, rudi hatua moja nyuma.

Sasa tuingie kwenye gama, ambayo ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi kati ya hizi mbili. Picha inapofika kwenye runinga huwa ni namba: sifuri ni nyeusi kabisa na mia kwa mia ni nyeupe kabisa, na kati yake kuna ngazi nyingi za kijivu. Mtu angetarajia kwamba ngazi ya nusu, yaani asilimia 50, ingetoa nusu ya mwanga. Haiko hivyo. Runinga hutoa mwanga kwa mkunjo, na gama ni namba inayoeleza mkunjo huo ni mkali kiasi gani. Kwa gama ya 2.2, ngazi ya asilimia 50 hutoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga wa juu kabisa. Kwa gama ya 2.4 hutoa asilimia 19, na kwa gama ya 1.8 hutoa asilimia 29. Kwenye vivuli tofauti huwa kubwa zaidi: ngazi ya asilimia 20 hutoa karibu asilimia 2 ya mwanga kwa gama ya 2.4, lakini zaidi ya asilimia 5 kwa gama ya 1.8.

Mkunjo huu haukubuniwa ili kuwachosha watazamaji. Runinga za kale za mirija, zile nzito zenye mgongo mrefu, zilikuwa nao kwa maumbile yake, na ikatokea kwamba unalingana vizuri na jicho la binadamu, ambalo huona tofauti ndogo gizani lakini huzikosa penye mwanga mkali. Mirija ilipotoweka na vioo bapa kushika nafasi, mkunjo ulibidi uandikwe ili kila mtu aufuate, na mwaka 2011 ikatolewa kanuni ya BT.1886, ambayo kwenye kioo chenye weusi mzuri ni sawa na gama ya 2.4. Ndiyo maana jina hilo huonekana kwenye menyu ya runinga nyingi za sasa pamoja na namba kama 2.0, 2.2 na 2.4.

Jambo la kushika hapa ni kwamba gama haigusi ncha za picha. Nyeusi kabisa hubaki nyeusi kwa gama yoyote, na nyeupe kabisa hubaki nyeupe ile ile. Kinachosogea ni katikati, yaani nyuso, kuta, nguo, mawingu na vivuli. Kwa hiyo dhana kwamba gama ni njia nyingine ya kuongeza mwanga wa runinga ni potofu. Mwanga wa skrini nzima huongezwa kwa Backlight. Contrast hupanga ncha nyeupe. Na Brightness, katika runinga nyingi, hupanga ncha nyeusi. Nasema nyingi kwa sababu watengenezaji wengine, Sony wakiwamo, wameligeuza neno Brightness kuwa la mwanga wa jumla, na ncha nyeusi wakaiita Black level. Kabla ya kugusa chochote, telezesha mpangilio huo na uangalie kama kinachobadilika ni skrini nzima au ni sehemu za giza peke yake.

Turudi kwa msomaji wetu wa habari, safari hii tukitazama koti lake jeusi. Kwa gama ya 2.2 katika chumba chenye mwanga wa wastani, ukosi wa koti unatengana na kifua chake, mshono wa bega unaonekana, na bado koti ni jeusi. Ishushe gama hadi 1.8, na koti litageuka kijivu kizito. Mikunjo yote itaonekana, lakini uso nao utapauka, shavu litapoteza umbo lake, na picha nzima itakuwa kana kwamba ina ukungu. Ipandishe hadi 2.6 mchana dirisha likiwa wazi, na koti litakuwa doa moja jeusi lisilo na ukosi wala mshono, huku upande wa uso ulio mbali na taa ukizama gizani. Hapo ndipo watu husema kwamba runinga ni ya giza na kukimbilia Vivid, ile hali ya picha yenye mwanga na rangi kali.

Gama ipi basi ni sahihi? Tofauti na halijoto ya rangi, ambayo ina jibu moja, gama hufuata mwanga wa chumba, na mtu asiihesabu hiyo kuwa ni ubabaishaji. Mwanga wa dirisha ukipiga kwenye kioo huongeza weupe mwembamba juu ya picha yote, na weupe huo humeza ngazi za giza kwanza. Gama ndogo kidogo huzinyanyua ngazi hizo zisimezwe. Kwa chumba chenye giza la usiku, ambako watu hutazama filamu taa zikiwa zimezimwa au zikiwa hafifu, 2.4 au BT.1886 ndiyo inayolingana na mazingira ya aliyesahihisha filamu. Kwa sebule yenye taa iliyowashwa, 2.2 inafaa zaidi. Kwa sebule ya mchana yenye madirisha makubwa, 2.0 inaweza kuvumilika, ingawa pazia hufanya kazi nzuri kuliko menyu. Chini ya hapo sioni sababu ya mtu kwenda.

Runinga nyingine haziandiki namba hizo, badala yake zina mstari wenye sifuri katikati, kuanzia -3 hadi 3. Hapa watu hukosea mara kwa mara, kwa sababu kwenye mistari mingi ya aina hiyo kwenda upande wa kuongeza hunyanyua vivuli, yaani hupunguza gama, ilhali kwenye orodha ya namba 2.4 ndiyo yenye vivuli vizito kuliko 2.2. Usitegemee ishara iliyoandikwa. Simamisha picha yenye nguo nyeusi, sogeza hatua moja, na uangalie nguo imefanyaje.

Kwa anayetaka kuhakiki kwa macho namba ambayo runinga inadai kuifuata, kuna njia ya zamani inayohitaji kompyuta na waya wa HDMI tu. Tengeneza katika programu yoyote ya kuchora picha yenye mistari ya mlalo ya nyeusi na nyeupe, kila mmoja ukiwa na unene wa pikseli moja, na katikati yake weka mraba wa kijivu wenye thamani ya 186 kati ya 255. Picha iwe na vipimo sawasawa na vya skrini, bila kukuzwa wala kupunguzwa, na Sharpness iwe imeshushwa. Simama mbali hadi mistari isiweze kutofautishwa. Kwa kuwa nusu ya mistari inatoa mwanga wote na nusu haitoi kitu, jicho hupokea nusu ya mwanga kamili, na kwa gama ya 2.2 kijivu cha 186 hutoa nusu hiyo hiyo. Mraba ukipotea ndani ya mistari, runinga iko karibu na 2.2. Ukiwa na mwanga kuliko mistari, gama yake ni ndogo kuliko 2.2, na ukiwa na giza, ni kubwa. Ukitaka kuhakiki 2.4, tumia 191 badala ya 186. Tazama ukiwa umekaa mbele ya kioo moja kwa moja, kwa sababu vioo vingi vya LCD hubadilisha mkunjo wake mtu akikaa pembeni.

Sasa tuone kazi nzima kwa mpangilio, tukichukua runinga ya inchi 43 iliyotoka dukani ikiwa kwenye Standard, sebuleni, taa ikiwa imewashwa usiku. Kwanza kabisa badilisha hali ya picha kuwa Movie, Cinema au Filmmaker Mode, kwa sababu hali hizo hukuletea karibu kila kitu kikiwa kimesogezwa kuelekea kwenye kanuni, pamoja na halijoto ya rangi yenyewe. Kwa kawaida hapo Color Tone utaikuta tayari iko kwenye Warm2. Ukibaki Vivid na kubadilisha rangi peke yake, mambo mengine yaliyofichika yataendelea kuvuta picha upande mwingine.

Pili, zima vyote vinavyobadilisha picha bila kuulizwa: kihisi cha mwanga wa chumba, mipangilio ya kupunguza matumizi ya umeme, hali za kulinda macho usiku, na hasa Dynamic Contrast au jina lolote linalofanana nalo. Huyu wa mwisho hupindisha mkunjo wa gama upya kwa kila tukio, hivyo ukipanga gama akiwa amewashwa, utakuwa umeipanga kwa tukio hilo moja, na tukio linalofuata litakuwa na mkunjo tofauti. Watu wengi hulalamika kwamba wameweka 2.2 na vivuli bado vinapanda na kushuka. Karibu kila mara sababu ni hiyo.

Tatu, panga mwanga wa jumla kwa Backlight mpaka nyeupe isiumize macho, ndipo uhakikishe halijoto ya rangi, kisha ncha nyeusi, na mwishoni gama. Mfuatano huo una sababu yake. Ncha nyeusi ikiwa imenyanyuliwa kupita kiasi, vivuli vyote huonekana vimepauka na mtu hupandisha gama kuficha kosa hilo. Ikiwa imeshushwa, mikunjo ya koti hukatwa kabisa, na hakuna gama itakayoirudisha, kwa kuwa kilichokatwa hakipo tena kwenye picha. Tazama filamu kwenye tukio la usiku: ukiona mistari myeusi ya juu na chini ya skrini imekuwa kijivu kuliko ilivyokuwa kabla hujagusa chochote, umenyanyua mno. Koti likikosa ukosi, jaribu kwanza ncha nyeusi hatua moja, halafu ndipo gama.

Karibu na mipangilio hii kuna White Balance, yenye majina kama R-Gain, B-Gain, R-Offset na B-Offset. Gain hurekebisha rangi ya sehemu zenye mwanga, Offset hurekebisha za giza, na kazi yake ni kusahihisha mabaki ya kosa ambayo Warm2 haikuyafikia. Ushauri wangu ni kutoyagusa bila kipimo cha rangi kinachobandikwa kwenye skrini. Jicho linalojirekebisha lenyewe haliwezi kuwa mwamuzi wa tofauti ndogo kiasi hicho. Na namba zilizopatikana kwa runinga ya mtu mwingine, hata kama ni toleo lile lile, zilipimwa kwenye kioo chake. Vioo viwili vya kiwanda kimoja hutofautiana, na namba zilizomsaidia yeye zinaweza kuongeza kosa kwako. Majina ya Warm2 na 2.2 yanaweza kuazimwa. Namba za Gain haziazimiki.

Jambo moja la mwisho huwapotosha hata waliofuata yote haya. Runinga huhifadhi mipangilio kwa kila mlango na kwa kila aina ya picha. Ulichokipanga kwenye kisimbuzi kilichochomekwa HDMI 1 huenda kisifuate kwenye programu za mtandaoni zilizomo ndani ya runinga, na picha za HDR, yaani zile zilizotengenezwa kwa upana mkubwa zaidi kati ya giza na mwanga, zina hifadhi yake peke yake. Kwa HDR halijoto ya rangi ni ile ile ya 6,500, kwa hiyo Warm2 inabaki kuwa chaguo, lakini gama haina tena maana ya 2.2 au 2.4. Picha hizo nyingi hutumia mkunjo mwingine uitwao ST.2084, ambao husema ni mwanga kiasi gani hasa utoke kwa kila ngazi, na ndiyo maana Gamma kwenye menyu wakati huo hubadilika sura au hufungwa. Mstari wake ukiwa bado unasogea, uache kwenye sifuri. Runinga nyingi zina amri ya kunakili mipangilio kwenye milango yote, yenye jina kama Apply Picture Settings au Apply to all inputs. Itumie ukishamaliza, kisha fungua programu ya mtandaoni na uangalie mwenyewe kama Color Tone imebaki Warm2.